Maneno Yabadilike, Maana Ibaki: Kueleza Upya Matokeo ya Kitakwimu

Tuanze na sentensi moja. "Utafiti uliofanyika Afrika Mashariki umebaini kuwa asilimia 45 ya watoto waliotundikiwa dripu walifariki." Sarufi yake haina kasoro, lugha yake ni nyepesi, tena imetokana na utafiti wa kweli ambamo tarakimu 45 inaweza kupatikana. Hata hivyo sentensi hiyo ni ya uongo, na mzazi akiisoma siku moja kabla ya mwanawe kushikwa na kipindupindu, uongo huo waweza kumgharimu mtoto uhai wake.

Aliyeiandika sentensi kama hiyo kwa kawaida hakukusudia kudanganya. Alikuwa akijaribu kutimiza wajibu ambao kila mwandishi wa mambo ya afya anao, yaani kuyachukua matokeo yaliyoandikwa na watafiti kwa lugha yao na kuyaeleza kwa maneno yake mwenyewe, pasipo kunakili. Alibadili maneno, na katika kuyabadili akabadili maana. Makala hii inaonesha mahali ambapo maana huponyoka na namna ya kuizuia isiponyoke. Tutatumia utafiti huo huo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa unagusa hospitali zetu wenyewe, na kwa kuwa matokeo yake yalikuwa kinyume cha matarajio ya wengi.

Utafiti wenyewe

Mwaka 2011 jarida la tiba la New England, huko Marekani, lilichapisha matokeo ya jaribio lililoitwa FEAST, likiongozwa na Kathryn Maitland. Jaribio lilifanyika katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule ya Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Watafiti walitaka kujibu swali ambalo madaktari wa watoto walikuwa wamelibeba kwa muda mrefu. Mtoto anapofikishwa hospitali akiwa na homa kali, fahamu zimepungua au anapumua kwa shida, huku miguu ikiwa baridi na mapigo ya moyo ni hafifu au ya kasi mno, je, kumwingizia maji mengi ya dripu kwa haraka kunamsaidia?

Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa maji yenye albumini kwa mkupuo, la pili likapewa maji ya chumvi kwa mkupuo, na la tatu halikupewa mkupuo wowote. Mkupuo huo ulikuwa wa mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto. Watoto wa makundi yote matatu walipata dripu ya polepole ya kuwatunza, pamoja na dawa za malaria, viuavijasumu na damu kwa wale waliohitaji.

Walitarajiwa kusajiliwa watoto 3600. Kamati iliyokuwa ikifuatilia usalama ililisimamisha jaribio baada ya watoto 3141, kwa sababu ilikuwa imeshadhihirika kuwa mkupuo haungeweza tena kuonekana una manufaa. Ndani ya saa 48 za mwanzo walikuwa wamefariki watoto 111 kati ya 1050 wa kundi la albumini, watoto 110 kati ya 1047 wa kundi la maji ya chumvi, na watoto 76 kati ya 1044 wa kundi lisilopewa mkupuo. Kwa asilimia ni 10.6, 10.5 na 7.3. Makundi mawili ya mkupuo yalipojumlishwa na kulinganishwa na kundi la tatu, uwiano wa hatari ulikuwa 1.45, mipaka ya uhakika ya asilimia 95 ikiwa ni 1.13 hadi 1.86, na thamani ya p ikiwa 0.003.

Hayo ndiyo malighafi yetu. Mwandishi anayetaka kuyaeleza upya anapaswa kwanza kuyavunja vipande kabla hajaandika neno lolote. Matokeo yoyote ya kitakwimu ya namna hii yana vipande vitano: ni watu gani waliochunguzwa; ni kitu gani kililinganishwa na kitu gani; ni tukio gani lililohesabiwa, na ndani ya muda gani; tofauti ilikuwa kubwa kiasi gani; na kiasi hicho kina uhakika kiasi gani. Viandike vipande hivyo kwenye karatasi pembeni, kwa maneno mafupi yasiyo sentensi. Faida yake ni mbili. Kwanza, utakapoandika utakuwa ukitazama vipande vyako wala si sentensi ya mtafiti, kwa hiyo kishawishi cha kunakili kitapungua. Pili, kipande kikikosekana utaona pengo lake mara moja. Irudie sentensi yetu ya mwanzo kwa vipimo hivyo. Imesema "watoto" pasipo kueleza ni watoto gani, imesema "dripu" ilhali watoto wote walitundikiwa dripu, haikutaja muda, imekosea ukubwa, na kuhusu uhakika imekaa kimya.

Asilimia ya nini?

Kosa kubwa kuliko yote katika sentensi ile liko kwenye tarakimu 45. Imetoka wapi? Uwiano wa hatari wa 1.45 una maana kwamba hatari ya kufariki katika makundi ya mkupuo ilikuwa sawa na mara 1.45 ya hatari ya kundi linganishi. Ukipenda waweza kusema hatari ilizidi kwa asilimia 45. Lakini asilimia 45 hiyo inapimwa juu ya hatari ya kundi linganishi. Haipimwi juu ya idadi ya watoto. Neno "asilimia" likikosa mwenyewe, msomaji hulitafutia mwenyewe, na aliye karibu zaidi ni watoto. Ndivyo asilimia 45 ya hatari inavyogeuka kuwa asilimia 45 ya watoto, na vifo vinaongezwa zaidi ya mara nne.

Basi kila unapoandika asilimia, jiulize ni asilimia ya nini, kisha mtaje mwenyewe ndani ya sentensi hiyo hiyo. Katika jaribio hili kuna njia mbili za kweli za kuusema ukubwa wa tofauti. Ya kwanza ni kulinganisha hatari na hatari, nayo hutupa ile 1.45. Ya pili ni kutoa hatari moja katika nyingine. Watoto waliofariki katika makundi mawili ya mkupuo ni 221 kati ya 2097, yaani asilimia 10.5. Katika kundi la tatu ni asilimia 7.3. Tofauti ni takriban pointi 3.3 za asilimia. Neno "pointi" hapo halikuwekwa kwa urembo. Ukisema vifo viliongezeka "kwa asilimia 3.3", msomaji makini atadhani viliongezeka kutoka 7.3 hadi 7.5 hivi, kwa sababu asilimia 3.3 ya 7.3 ni kidogo sana. Ukisema "kwa pointi 3.3 za asilimia", ataelewa kuwa vilitoka 7.3 vikafika kwenye 10 na ushei.

Msomaji akijiuliza kwa nini 10.5 ukitoa 7.3 ni 3.2, ilhali tumeandika 3.3, amefanya vyema. Jibu ni kwamba tarakimu zilizokwisha kukadiriwa hazifai kufanyiwa hesabu tena. Gawanya 221 kwa 2097 upate 10.54, gawanya 76 kwa 1044 upate 7.28, tofauti ni 3.26, ambayo ikikadiriwa huwa 3.3. Mwandishi anayepiga hesabu yake mwenyewe arudi daima kwenye idadi za watu, akadirie mara moja tu, na akadirie mwishoni.

Kwa msomaji wa kawaida njia iliyo wazi zaidi ni kuacha asilimia na kuhesabu watoto. Kwa kila watoto 1000 waliopewa mkupuo walifariki takriban 105. Kwa kila watoto 1000 wasiopewa walifariki takriban 73. Huko ni kueleza upya kwa kweli: tarakimu zimevaa umbo lisilokuwamo katika muhtasari wa watafiti, lakini uzito wake haukubadilika. Sharti ni moja, nalo ni kwamba idadi ya msingi iwe ile ile pande zote mbili. Anayeandika "105 kati ya 1000" upande mmoja na "mmoja kati ya 14" upande wa pili amemnyima msomaji uwezo wa kulinganisha, hata kama kila tarakimu peke yake ni sahihi.

Kuna tanzi jingine lililomo ndani ya Kiswahili chenyewe. Tunasema "mara mbili zaidi" tukimaanisha mara mbili ya kile cha kwanza, lakini wapo wanaoelewa kuwa ni cha kwanza pamoja na mara mbili yake. Katika mazungumzo ya sokoni utata huo haudhuru. Katika ripoti ya vifo unadhuru, kwa kuwa "hatari ni mara 1.45 zaidi" yaweza kusomwa kama 1.45 au kama 2.45. Andika "sawa na mara 1.45 ya hatari ya kundi linganishi", au "hatari ilizidi kwa karibu nusu", na utata utakwisha.

Usigeuze mizani bila kupima upya

Mwandishi anayetaka kujiepusha na kunakili mara nyingi huigeuza sentensi. Watafiti wamesema mkupuo uliongeza vifo. Yeye anaamua kusema kuukosa mkupuo kulipunguza vifo. Kugeuza si kosa, ila tarakimu haigeuki pamoja na sentensi. Ukiandika kuwa watoto wasiopewa mkupuo walikuwa na hatari "pungufu kwa asilimia 45", umekosea. Hatari yao ilikuwa 7.28 ukilinganisha na 10.54, yaani sawa na mara 0.69, ambayo ni pungufu kwa asilimia 31. Kutoka chini kwenda juu ni 45. Kutoka juu kwenda chini ni 31. Sababu ni kwamba kigezo kimebadilika: mwanzo tulikuwa tukipima juu ya 7.28, sasa tunapima juu ya 10.54.

Vivyo hivyo kwa anayeamua kuzungumzia walionusurika badala ya waliofariki. Waliovuka saa 48 walikuwa asilimia 89.5 katika makundi ya mkupuo na 92.7 katika kundi linganishi. Tarakimu hizo ni za kweli kabisa, lakini zikisimama peke yake tofauti inaonekana ndogo mno, kwani 89 na 92 husikika kama ndugu. Mwandishi hajasema uongo, ila amebadili kishindo cha habari. Kwa hiyo, watafiti wanapohesabu vifo, nawe hesabu vifo. Na ukiwa na sababu ya kuhesabu walionusurika, basi taja pia waliofariki, ili msomaji aone pande zote mbili za shilingi.

Uhakika nao ni sehemu ya matokeo

Mipaka ya uhakika ndiyo kipande kinachotupwa kwanza pale nafasi inapokuwa finyu. Katika jaribio hili 1.45 ndilo kadirio bora, lakini takwimu zilizokusanywa zinapatana pia na ongezeko dogo la asilimia 13, na zinapatana na ongezeko kubwa la asilimia 86. Sentensi isemayo "mkupuo uliongeza hatari ya kifo kwa asilimia 45 kamili" imeongeza neno moja, "kamili", na kwa neno hilo imedai jambo ambalo watafiti hawakulidai. Katika maandishi ya kitaaluma weka mipaka yote miwili. Katika maandishi ya umma inatosha kusema kuwa ongezeko lilikadiriwa kuwa karibu nusu, na kwamba huenda likawa dogo kuliko hapo au kubwa zaidi, lakini hata kwa kadirio la chini mkupuo haukuonekana kuwa na nafuu.

Thamani ya p ina mtego wake. Wengi hueleza 0.003 kwa kusema "kuna uwezekano wa asilimia 0.3 tu kwamba matokeo haya yametokea kwa bahati." Maneno hayo yanasikika sawa, lakini yamegeuza swali. Thamani ya p haitupi uwezekano wa matokeo kuwa ya bahati. Inaanza kwa kudhania kuwa mkupuo hauna athari yoyote kwa vifo, kisha inauliza: katika hali hiyo, tofauti kubwa kama hii au inayoizidi ingeonekana mara ngapi? Jibu ni takriban mara tatu katika kila majaribio 1000. Asiyeweza kuyaweka hayo katika sentensi fupi ni heri aiache p na kubaki na mipaka ya uhakika.

Upande wa pili wa kosa hilo ni hatari vilevile. Jaribio lilihesabu pia watoto waliojaa maji kwenye mapafu au waliopanda shinikizo ndani ya fuvu: asilimia 2.6 katika kundi la albumini, 2.2 katika kundi la chumvi na 1.7 katika kundi linganishi, kwa p ya 0.17. Mwandishi wa haraka ataandika kuwa "mkupuo haukuongeza madhara hayo". Takwimu hazisemi hivyo. Zinasema kwamba tofauti iliyoonekana haikutosha kuthibitisha kuwa yaliongezeka. Baina ya "haikuthibitika kuwa ipo" na "imethibitika kuwa haipo" kuna umbali mkubwa, na msomaji anayeamua juu ya matibabu anastahili kuuona umbali huo.

Watu waliokuwamo na wasiokuwamo

Sasa turudi kwa mzazi wetu mwenye mtoto wa kipindupindu. Jaribio la FEAST halikuwahusisha watoto wenye kuhara na kutapika kunakotokana na maambukizi ya tumbo, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua au kujeruhiwa. Watoto wachache ambao shinikizo lao la damu lilikuwa limeshuka mno waliwekwa kando, na hao wote walipewa mkupuo. Kwa hiyo matokeo hayasemi lolote kuhusu mtoto aliyeishiwa maji kwa kuhara, ambaye maji ndiyo tiba yake. Mwandishi aliyefupisha "watoto wenye homa kali na mzunguko duni wa damu" kuwa "watoto" hakufupisha tu. Alipanua, akaingiza katika hukumu watoto ambao hawakuwahi kufika mbele ya mahakama hiyo.

Kwa Kiswahili upanuzi huo huweza kufanywa na silabi moja. Linganisha sentensi mbili: "Watoto waliopewa mkupuo walifariki kwa wingi zaidi" na "Watoto wanaopewa mkupuo hufariki kwa wingi zaidi". Ya kwanza inasimulia yaliyotokea katika hospitali sita kati ya mwaka 2009 na 2011. Ya pili, kwa ile hu- ya mazoea, inatangaza kanuni ya ulimwengu, kwa watoto wote, mahali pote na wakati wote. Matokeo ya utafiti mmoja yasimuliwe kwa wakati uliopita. Wakati wa mazoea uachiwe mambo ambayo tafiti nyingi zimekwisha kuyathibitisha.

Na vitenzi navyo vina madaraja. FEAST lilikuwa jaribio la bahati nasibu. Makundi yalifanana tangu mwanzo, kwa hiyo ni halali kuandika kuwa mkupuo "uliongeza" vifo miongoni mwa watoto hao. Lau kama watafiti wangalipekua tu majalada ya hospitali na kulinganisha waliopewa na wasiopewa, kitenzi hicho kingekuwa kikubwa mno, kwa kuwa madaktari huwapa dripu nyingi wale waliozidiwa. Hapo ingebidi kusema "ulihusishwa na" au "uliambatana na". Kabla ya kuchagua kitenzi, soma sehemu ya mbinu, si muhtasari peke yake.

Kutafsiri si kueleza upya

Hadi hapa tumelinda maana. Imebaki kulinda haki ya mwandishi wa kwanza. Sisi tuandikao kwa Kiswahili kutoka vyanzo vya Kiingereza tunaweza kujidanganya kuwa hatunakili, kwa kuwa hakuna neno hata moja linalofanana. Lakini anayefuata sentensi ya mtafiti kipengele kwa kipengele, kwa mpangilio ule ule, akibadili lugha tu, ametafsiri. Tafsiri yaruhusiwa pale inapotangazwa kuwa ni tafsiri. Isipotangazwa ni kunakili kwa lugha nyingine. Wala kubadili neno moja moja, "kufariki" kuwa "kufa" na "watafiti" kuwa "wanasayansi", hakuiondoi hali hiyo.

Yapo pia mambo ambayo hayapaswi kubadilishwa hata kidogo. Idadi za watu, vipimo, mipaka ya uhakika, majina ya dawa na majina ya vipimo vya kitakwimu ni mali ya ukweli, wala hakuna anayeitwa mwizi wa maandishi kwa kuyarudia, mradi ametaja chanzo. Tatizo ni pale mwandishi anapotafuta visawe vya istilahi ili aonekane tofauti. Akibadili "hatari" kuwa "kasi" ameingiza dhana ya muda ambayo haimo katika hesabu. Akibadili "uwiano wa hatari" kuwa "tofauti ya hatari" ameingiza kipimo kingine kabisa. Kinachobadilika katika uandishi mpya ni mpangilio wa mawazo, muundo wa sentensi na kile kinachotangulizwa. Istilahi na tarakimu hubaki zilivyo.

Utaratibu unaosaidia ni huu. Soma sehemu ya mbinu na ya matokeo mpaka uweze kumsimulia mwenzako bila kutazama. Andika vile vipande vitano kwenye karatasi. Kisha funga makala ya watafiti, uandike aya yako kwa kutazama vipande peke yake. Utaona kuwa aya yako haianzii mahali walipoanzia wao, kwa sababu wewe unamwandikia msomaji mwingine. Mwisho fungua tena makala ya asili na ulinganishe mara mbili: mara ya kwanza tarakimu kwa tarakimu, mara ya pili sentensi kwa sentensi, ukitafuta mahali ambapo bila kujua umefuata nyayo zao.

Aya iliyokamilika

Kwa kufuata njia hiyo, aya moja juu ya FEAST yaweza kuwa hivi:

"Je, mtoto mwenye homa kali na mzunguko duni wa damu aongezewe maji mengi kwa haraka? Swali hilo lilichunguzwa Kenya, Tanzania na Uganda katika jaribio la FEAST, lililochapishwa mwaka 2011. Watoto 3141 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wote walipata dripu ya polepole na matibabu ya kawaida, na theluthi mbili kati yao waliongezewa mkupuo wa albumini au wa maji ya chumvi. Kufikia saa 48, kwa kila watoto 1000 walikuwa wamefariki takriban 73 miongoni mwa wasiopewa mkupuo, na takriban 105 miongoni mwa waliopewa. Hatari ya waliopewa ilikadiriwa kuwa sawa na mara 1.45 ya hatari ya wenzao (mipaka ya uhakika ya asilimia 95: 1.13 hadi 1.86). Watoto wenye kuhara na kutapika, na wale wenye utapiamlo mkali, hawakuhusishwa, hivyo matokeo haya hayawahusu."

Aya hii haina sentensi hata moja iliyochukuliwa kwa watafiti, na bado mtafiti mwenyewe akiisoma hatakuta jambo la kukanusha. Namna ya kuipima ni kuifanyia safari ya kurudi. Mpe mwenzako ambaye hajausoma utafiti, umwombe akujibu maswali matano: walikuwa nani, nini kililinganishwa na nini, kilihesabiwa nini na kwa muda gani, tofauti ni kiasi gani, na uhakika wake ukoje. Kisha linganisha majibu yake na makala ya asili, si na aya yako. Akikosea jibu moja, usimlaumu yeye; rudi kwenye sentensi iliyompotosha.

Ukiwapa watu watano ile sentensi ya mwanzo, wote watajibu kuwa karibu nusu ya watoto waliotundikiwa dripu walifariki. Ukiwapa aya hii, watajibu kuwa watoto 32 au 33 zaidi walifariki katika kila 1000, miongoni mwa watoto wa hali fulani, kwa aina fulani ya dripu, ndani ya siku mbili. Jibu la pili ni refu zaidi na halina kishindo cha la kwanza. Lakini ndilo ambalo mama mwenye mtoto anayeharisha anaweza kulisikia na bado akamkimbiza mwanawe hospitali akatundikiwe maji.